Hisa asilimia 14, akiba asilimia 9: barua ya mweka hazina kwa wanachama

Wanachama wenzangu,

Tangu notisi ya mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha akiba na mikopo ibandikwe ofisini na kutumwa kwenye simu zenu, kundi letu la WhatsApp halijalala. Mistari miwili ndiyo imezua kelele: gawio la hisa asilimia 14, riba ya akiba asilimia 9. Kuna waliochukua ile 14 wakaizidisha na kila shilingi waliyo nayo chamani, wakaanza kuulizia bei ya mabati. Kuna walioona akiba yao imedhulumiwa. Na kuna pendekezo linalozunguka, tena limeandikwa kwa ufasaha, kwamba akiba yote ihamishwe iwe hisa ili kila mtu apate 14. Kwa kuwa hesabu hizi zinapitia mezani kwangu, nimeona nizieleze kwa maandishi kabla hatujakutana, maana ukumbini kipaza sauti ni kimoja na watu ni wengi.

Kila mmoja wetu ana mafungu mawili ya pesa hapa. Ukichukua stetimenti yako utayaona kwenye safu mbili tofauti. La kwanza ni hisa. Kwetu hisa moja ni shilingi 100, na kila mwanachama anatakiwa awe na hisa zisizopungua 200, yaani shilingi 20,000. Pesa hizo ndizo zinazokufanya uwe mwenye chama. Hazikopeshewi, hazitolewi, na chama hakikudai wala hukidai kwa sababu yazo. Fungu la pili ni akiba, ambayo kwenye vitabu huandikwa amana. Hii ndiyo inayoongezeka kila mwezi kwa makato ya mshahara au kwa M-Pesa, na ndiyo inayokupa haki ya kukopa hadi mara tatu yake. Akiba ni deni. Chama kimekukopa wewe, na siku ukijitoa lazima kikulipe. Pesa za ile akaunti ya kuweka na kutoa pale dirishani ni jambo la tatu, na leo siziingizi humu.

Najua kuna wazee wetu watakaosema, "Lakini sisi tulikuwa tunalipa shea kila mwezi." Ni kweli mliita hivyo, na vyama vingi vya Kenya viliandika hivyo. Ilikuwa hadi baada ya Sheria ya Vyama vya Akiba na Mikopo ya 2008 na kanuni zake za 2010 ndipo vyama vyenye dirisha la benki kama chetu vilipobanwa vitenge waziwazi mtaji wa hisa na amana za wanachama. Hati za mshahara za waajiri kadhaa hazijabadilishwa mpaka leo. Unaona umekatwa "shea 5,000", kumbe zile 5,000 zote zimeingia akiba. Ukitaka kujua una hisa ngapi, usisome hati ya mshahara, soma stetimenti.

Sasa kwa nini fungu moja lipewe 14 na lingine 9?

Fikirini ndugu wawili wenye matatu ya kwenda Rongai. Mmoja alitoa pesa akawa mwenye gari. Mwingine hakutaka shida za gari, akamkopesha ndugu yake pesa za injini, wakapatana alipwe kitu fulani kila mwezi. Jioni dereva akileta hesabu, kwanza inatoka mafuta, mishahara ya dereva na kondakta, pesa za stejini na matengenezo. Kisha analipwa aliyekopesha. Kinachobaki ndicho cha mwenye gari. Mwezi mzuri, mwenye gari anacheka kuliko wote. Gari likilala gereji wiki mbili, aliyekopesha bado anadai chake, na mwenye gari hana wa kumdai.

Mwenye akiba ndiye aliyekopesha. Mwenye hisa ndiye mwenye gari. Na kwa sababu kila mmoja wetu ni vyote viwili, tunajisahau tuko kwenye kiti gani pesa zinapogawanywa.

Niwaonyeshe foleni hiyo kwa shilingi. Tarakimu hizi nimezikata ziwe nzima ili zifuatike kwa urahisi; hesabu zenyewe zilizokaguliwa ziko ofisini. Chukueni chama chenye akiba ya milioni 400, hisa za milioni 30, na mfuko wa akiba ya chama, ule usio wa mtu binafsi, wa milioni 40. Mwaka huo mikopo na mapato mengine yameleta milioni 60. Mishahara ya wafanyakazi, kodi, pango, mitambo, ada za wakaguzi na pesa zilizotengwa kwa mikopo isiyolipika vimekula milioni 15. Zimebaki 45.

Hapa ndipo wenye akiba wanapolipwa. Asilimia 9 ya milioni 400 ni milioni 36. Kwenye vitabu riba hii huandikwa kama gharama, sawa na pango na umeme, kabla hata hatujasema tumepata faida. Tunabaki na milioni 9, na hiyo ndiyo inayoitwa ziada.

Ziada nayo haigawanywi yote. Moja ya tano yake lazima iende kwenye mfuko wa akiba ya chama. Hiyo ni milioni 1.8, na hapo mkutano hauna la kuamua. Zimebaki milioni 7.2. Kamati inapendekeza gawio la asilimia 14 kwa hisa za milioni 30, ambalo ni milioni 4.2. Milioni 3 zinazosalia zinabaki chamani kukuza mtaji.

Tulieni hapo kidogo. Wenye akiba wamechukua milioni 36. Wenye hisa wamechukua milioni 4.2. Asilimia kubwa imekwenda kwenye fungu dogo, na asilimia ndogo imekwenda kwenye fungu kubwa. Mtu anayesema akiba imedhulumiwa anaangalia asilimia na kusahau shilingi. Hata tukiamua mwaka huu hisa zisipate hata senti, tukachukua milioni 4.2 zote tukazimwaga kwenye akiba, kila shilingi 100 ya akiba ingeongezeka shilingi moja na senti chache. Riba ingetoka 9 ikawa 10 hivi. Ile 14 ni kubwa kwa sababu hisa ni chache, basi.

Na hili ndilo jibu kwa pendekezo la kuhamisha akiba iwe hisa. Tuseme wanachama wamehamisha milioni 100. Akiba sasa ni milioni 300 na hisa ni milioni 130. Mapato ni yale yale milioni 60, kwa sababu waliokopa hawajui na hawajali pesa zetu tumeziandika safu gani. Gharama ni zile zile 15. Riba ya akiba kwa asilimia 9 ni milioni 27, kwa hiyo ziada imepanda hadi 18. Toa moja ya tano, milioni 3.6, zinabaki 14.4. Toa milioni 3 za kukuza mtaji kama awali, zinabaki 11.4 za kugawia hisa za milioni 130. Gawaneni wenyewe: ni asilimia 8.8 hivi. Chini ya ile 9 mliyoikimbia!

Tena aliyehamisha amepoteza mambo mawili ambayo hayaonekani kwenye hesabu hiyo. Kwanza, uwezo wake wa kukopa umeshuka, kwa sababu mara tatu inahesabiwa kwenye akiba na si kwenye hisa. Aliyehamisha 100,000 amejikata mkopo wa 300,000. Pili, pesa zake hazina njia ya kutoka. Ukijitoa chamani, akiba yako unarudishiwa baada ya notisi ya siku 60, ikiwa huna mkopo na hujamdhamini mtu ambaye bado analipa. Hisa hazirudishwi. Unatafuta mwanachama wa kuzinunua, mnajaza fomu ya uhamisho, na bei ni ile ile shilingi 100. Hisa zetu si kama za soko la Nairobi zinazopanda na kushuka. Miaka kumi ikipita bado ni 100. Kazi ni kumpata mnunuzi.

Sijasema hisa ni mbaya. Mimi mwenyewe nimezidisha kile kiwango cha chini, na ningependa wengi mzidishe kidogo kidogo, kwa sababu chama chenye mtaji mdogo kinabanwa na mdhibiti, SASRA, ambaye anataka mtaji wa msingi usipungue asilimia 10 ya mali yote ya chama. Ninachokataa ni kuhamisha akiba kwa wingi kwa kufuata asilimia iliyoandikwa kwenye notisi, kana kwamba asilimia hiyo inabaki pale pale hata tukiingia wote.

Kuna pia wanaodhani hisa nyingi zitawapa sauti kubwa mkutanoni. Kwenye ushirika mwenye hisa 200 na mwenye hisa 20,000 wana kura moja moja, na sheria hairuhusu mtu mmoja kushika zaidi ya moja ya tano ya hisa zote. Hilo tuliache hapo.

Sasa tuje kwenye malalamiko ambayo yamenifikia mengi zaidi kuliko yote: "Nina akiba ya 300,000, asilimia 9 ni 27,000, mbona mmenionyesha pungufu?"

Wiki iliyopita mama mmoja wa Umoja alikuja ofisini na karatasi aliyopigia hesabu, nadhifu kabisa. "Kijana wangu," akaniambia, "mimi sijaja kugombana, nimekuja unionyeshe hizi elfu tatu ziliko." Nikampa kiti na tukafungua akaunti yake mwezi kwa mwezi. Kwa ruhusa yake naitumia hesabu hiyo hapa bila jina.

Tarehe 1 Januari alikuwa na akiba ya 240,000. Kila mwezi mwajiri wake anamkata 5,000. Mwisho wa Desemba akawa na 300,000. Lakini hizo 300,000 hazikukaa mwaka mzima. Zilizokaa mwaka mzima ni 240,000. Zile 5,000 za Januari zilifika mwisho wa Januari, zikafanya kazi miezi 11. Za Februari zilifanya kazi miezi 10, za Machi 9, mpaka za Novemba zilizofanya kazi mwezi mmoja. Za Desemba zilifika mwaka unafunga, hazikufanya kazi kabisa. Ukijumlisha 11, 10, 9 hadi 1 unapata 66. Zidisha na 5,000 unapata 330,000, gawanya kwa miezi 12 unapata 27,500. Hiyo ni sawa na kusema makato yake yote ya mwaka yalifanya kazi kama vile 27,500 zingekaa tangu Januari. Jumlisha na 240,000, ni 267,500. Asilimia 9 ya hiyo ni shilingi 24,075.

Ile tofauti ya 2,925 ndiyo "elfu tatu" aliyokuwa akiitafuta. Haikupotea. Ni riba ya miezi ambayo pesa zilikuwa bado mfukoni mwake au kwa mwajiri.

Ili ionekane vizuri, nilimpa mfano wa mwanachama mwingine ambaye naye alifunga mwaka na 300,000 kamili. Huyu alikaa na 120,000 mwaka mzima bila kuongeza, kisha mwisho wa Novemba akaingiza 180,000 kwa mpigo ili afikie kiwango cha mkopo aliotaka. Zile 120,000 zinahesabiwa zote. Zile 180,000 zimekaa mwezi mmoja, kwa hiyo zinahesabiwa sehemu moja ya kumi na mbili, yaani 15,000. Jumla ni 135,000, na asilimia 9 yake ni shilingi 12,150. Salio ni lile lile, riba ni nusu. Mama alicheka akasema, "Kumbe mimi nimemshinda!" Naam, amemshinda mbali.

Kwa hisa, yeye ana kile kiwango cha chini cha 20,000 na alikuwa nacho tangu zamani. Asilimia 14 ni 2,800. Kabla hazijamfikia tunakata kodi ya zuio ya asilimia 5 ya gawio, shilingi 140, tunaipeleka KRA, naye anapata 2,660. Riba ya akiba nayo inakatwa kodi kabla ya kulipwa, na makato yote mawili yanaonekana kwenye stetimenti yenu ya mwisho wa mwaka, kila moja kwenye mstari wake. Kwa hiyo aliyetarajia asilimia 14 ya 320,000 alikuwa anangoja 44,800 ambazo hazikuwahi kuwepo. Kama ulishachukua mkopo wa haraka kwa kutegemea gawio na ukapiga hesabu ya namna hiyo, tafadhali njoo ofisini sasa, usingoje Aprili.

Kuna upungufu mwingine ambao si wa hesabu, na huu ndio unaoniudhi. Mwajiri anakukata Juni na analeta pesa Septemba. Kwenye hati yako ya mshahara umekatwa, kwenye vitabu vyetu pesa hazijafika, na riba inaanza siku zinapoingia benki yetu. Kwa makato ya 5,000, kuchelewa miezi mitatu kunakula shilingi 112 na senti 50. Ni ndogo kwa mwezi mmoja wa mtu mmoja, lakini kuna mahali pa kazi huko Viwandani ambapo imekuwa desturi. Namna ya kuitambua ni rahisi: weka hati zako za mshahara kando ya stetimenti, usome tarehe na si kiasi tu. Ukiona makato ya miezi mitatu yameingia siku moja, umepata jibu. Lete nakala. Chama kina haki ya kumdai mwajiri, lakini barua yangu ina nguvu zaidi ikiwa na hati zenu za mshahara nyuma yake.

Wanaolipa kwa M-Pesa nao wana mtego wao. Kwenye nafasi ya namba ya akaunti, namba ya uanachama ikifuatwa na herufi H pesa zinakwenda hisa, ikifuatwa na A zinakwenda akiba. Ukiacha herufi, mtambo unapeleka akiba. Tuna wanachama waliodhani wananunua hisa mwaka mzima na hawakununua hata moja. Kosa la aina hii tunaweza kulirekebisha kabla hesabu hazijafungwa Desemba 31. Baada ya hapo hatuwezi, maana wakaguzi wameshaanza.

Na wale ambao hawajafikisha hisa za 20,000: gawio lenu haliji mkononi. Linanunua hisa mpaka mfikie kiwango. Msije mkasema limeliwa.

Nirudi kwenye ile foleni, kwa sababu mpaka hapa nimeonyesha mwaka mzuri tu. Chukueni chama kile kile, mapato yale yale ya milioni 60, lakini wakopaji kadhaa wameacha kulipa na wadhamini wao hawapatikani. Sheria inatutaka tutenge pesa za kufidia mikopo hiyo, na gharama zinapanda kutoka 15 hadi 20. Riba ya akiba ikibaki 9, milioni 36 zinatoka kama kawaida. Ziada imeshuka kutoka 9 hadi 4. Toa moja ya tano, laki nane. Zimebaki milioni 3.2. Gawio la 14 linahitaji milioni 4.2, ambazo hazipo. Kamati yenye akili itapendekeza labda 8, ambayo ni milioni 2.4, ili kitu kibaki cha mtaji. Mwenye akiba hakuhisi lolote. Mwenye hisa amepoteza karibu nusu ya gawio lake.

Mwaka ukiwa mbaya zaidi, hasara inakula ziada yote, kisha mfuko wa akiba ya chama, kisha hisa. Akiba inaguswa mwisho kabisa, baada ya hisa zote kuisha. Wanachama wengi wa vyama mbalimbali waliionja ladha ya jambo hili baada ya ukaguzi wa KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo, kufichua pengo la mabilioni ya shilingi: vyama vilivyokuwa vimeweka pesa huko vilitakiwa kutenga fungu la kufidia hasara, na fungu hilo linatoka kwenye ziada, pale pale gawio linapotoka. Ile 14 basi ni malipo ya kukubali kusimama mbele pigo likija.

Lakini nisiwadanganye pia upande wa akiba. Riba yetu ya asilimia 9 si ahadi kama ile ya benki inayokuandikia kiwango siku unapoweka pesa. Januari hakuna anayejua itakuwa ngapi. Kamati huipendekeza baada ya hesabu kufungwa, na mkutano huikubali au huikataa, sawa na gawio. Tofauti ni kwamba ikibidi kupunguza, tunaanza na gawio, na tungeona aibu kuigusa riba kabla gawio halijashuka sana.

Ndiyo maana napata wasiwasi nikisikia chama jirani kimetangaza gawio la asilimia 20 na watu wanatutumia picha za notisi yao. Inawezekana ni halali kabisa. Chama chenye hisa za milioni 5 kikigawa milioni moja kimetoa 20, na milioni moja si kitu. Inawezekana pia pesa hazipo na wamekopa benki kuwalipa wanachama wao, kisha mwaka unaofuata riba ya mkopo huo inawala. Mtu wa kawaida anaweza kuligundua hili bila kuwa mhasibu. Ukipewa kile kijitabu cha hesabu, tafuta mstari wa mikopo ambayo chama chenyewe kinadaiwa na benki, ulinganishe mwaka huu na uliopita. Kisha tafuta kiasi kilichotengwa kwa mikopo isiyolipika. Deni la benki likipanda, pesa za kutenga zikishuka, na gawio likipanda, yote kwa mwaka mmoja, nyoosha mkono uulize. Uliza hata kama chama hicho ni hiki chetu. Kurasa hizo mbili msiziruke.

Hesabu zilizokaguliwa ziko kwenye meza ya mapokezi na kila mwanachama anaweza kuzisoma saa za kazi. Atakayetaka riba yake ipigwe upya mwezi kwa mwezi, kama tulivyofanya na yule mama, aje na kitambulisho, stetimenti na hati za mshahara za mwaka mzima. Huchukua kama dakika ishirini. Jumanne na Alhamisi mchana niko mwenyewe. Malalamiko yenye karatasi yakifika wiki moja kabla ya mkutano, nitayajibu kwa maandishi, na yale ya makato yaliyocheleweshwa nitayasoma mkutanoni kwa jina la mahali pa kazi, si kwa jina la mwanachama.

Wenu,
Mweka Hazina